Jerikani: tutengeneze au tununue? Kisa cha kiwanda cha mafuta ya kula mashariki mwa Uganda

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Kiwanda chenyewe, mji wake, mgavi aliyehusika na watu wote nimewaacha bila majina. Tarakimu za fedha zimezidishwa kwa kigezo kimoja ili asitambulike mtu, lakini uwiano kati yake haukuguswa. Kwa hiyo hesabu iliyo hapa inaelekea kulekule hesabu ya asili ilikoelekea. Bei zote hazina VAT ya asilimia 18, kwa sababu kiwanda kimesajiliwa na kinadai VAT ya pembejeo zake. Mishahara imejumuisha asilimia 10 ambayo mwajiri huchangia NSSF. Niliitwa kama mhasibu wa gharama kutoka nje, wiki chache kabla ya mkataba wa miaka 3 kutiwa saini.

Mazingira

Kiwanda kiko kando ya barabara kuu iendayo Malaba. Kinakamua alizeti na soya, kinasafisha mafuta, na kinayauza kwenye jerikani za lita 20 kwa wenye maduka ya jumla. Alizeti nyingi hutoka Lango, hupita Soroti na Mbale kwa malori. Sakafuni wafanyakazi ni Wasoga, Wagisu, Wajopadhola na Waiteso, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Nyuma ya kiwanda kuna karakana ya kupuliza jerikani. Mashine ni ya zamani, ilinunuliwa ikiwa tayari imetumika, nayo hutoa jerikani 25 kwa saa. Hufanya kazi zamu mbili, saa 16 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, na hapo hupatikana jerikani 10,000, ambazo ndizo kiwanda kinazohitaji. Malighafi ni chembe za plastiki ya HDPE zinazoingia kupitia Mombasa, kwa hiyo bei yake hufuata dola na bei ya mafuta duniani. Karakana ina wafanyakazi 9 na msimamizi mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo mwanzoni halikuonekana kuwa sehemu ya kisa. Kiwanda kilikuwa na mtambo wa pili wa kukamua, mzima kabisa, uliokaa bila kazi. Sababu ilikuwa umeme. Transfoma haiwezi kupitisha umeme unaozidi kVA 630, na mzigo wa juu wa kiwanda ulikuwa tayari umefika kVA 600. Mtambo wa pili unahitaji kVA 100. Msimu wa alizeti ulipofika, yaani baada ya mavuno ya Julai na Agosti na yale ya Desemba na Januari, mbegu zilipita barabarani mbele ya lango na kiwanda hakikuweza kuzinunua.

Ofa ya mgavi

Mgavi wa plastiki kutoka upande wa Kampala alileta ofa ya shilingi 7,900 kwa jerikani, pamoja na kifuniko, ikifikishwa kiwandani. Mkurugenzi alimwita mhasibu wake amletee kadi ya gharama. Kadi ilikuwa hivi:

| Gharama kwa jerikani moja | Shilingi |
|---|---|
| Chembe za HDPE (kilo 0.95 pamoja na upotevu) | 4,370 |
| Kifuniko | 350 |
| Umeme | 860 |
| Mishahara ya wafanyakazi 9 | 720 |
| Msimamizi wa karakana | 180 |
| Mkataba wa matengenezo | 400 |
| Bima ya mashine | 60 |
| Uchakavu wa mashine | 900 |
| Mgao wa kodi ya jengo | 540 |
| Mgao wa gharama za ofisi | 820 |
| Jumla | 9,200 |

Shilingi 9,200 kwa 7,900. Tofauti ni 1,300, na kwa jerikani 10,000 ni milioni 13 kila mwezi. Meneja wa uzalishaji akaongeza hoja yake: karakana ikifungwa, kVA 100 zinazotumiwa na mashine ya jerikani pamoja na kompresa yake zitahamia kwenye mtambo wa pili wa kukamua. Mafuta ghafi yatakayopatikana yatauzwa kwa wingi, kwa lori la tangi, kwa msafishaji mwingine, kwa hiyo hayatahitaji jerikani hata moja. Alikadiria mchango wa milioni 26 kwa mwezi, baada ya kuondoa mbegu, umeme, magunia ya mashudu, usafiri na mishahara ya watu 6 wapya wa zamu.

Mbele ya watu waliokuwa mezani hesabu ilikuwa imekwisha. Milioni 13 za akiba na milioni 26 za mtambo wa pili zilifanya milioni 39 kwa mwezi. Mkurugenzi aliniambia, "Mwalimu, mimi nataka uangalie mkataba tu. Uamuzi tumeshaufanya."

Nilichouliza kwenye kila mstari

Kadi haikuwa na kosa la kujumlisha. Iliandaliwa kwa ajili ya kuthamini stoo na kufunga vitabu vya mwaka, na kwa kazi hiyo ilikuwa sawa. Lakini uamuzi wa kutengeneza au kununua unataka swali lingine kabisa: kesho karakana ikifungwa, shilingi gani haitatoka tena mfukoni? Tukaipitia kadi mstari kwa mstari na mhasibu wa kiwanda, dada makini sana aliyekuwa na kila hati mkononi.

Chembe za plastiki na kifuniko havina ubishi. Usipotengeneza, hununui.

Umeme ulihitaji kugawanywa. Kati ya shilingi 860, shilingi 720 zilikuwa za uniti zilizotumika, na hizo zingekoma. Shilingi 140 zilikuwa sehemu ya malipo ya mzigo wa juu, ambayo hutozwa kwa kVA. Kwa kuwa mpango ulikuwa kuweka mtambo mwingine wenye mzigo uleule, malipo hayo yangebaki palepale.

Mishahara ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Mkurugenzi alikuwa ameshawaahidi watu watatu, walioanza naye tangu mwanzo, kwamba hawatatolewa. Wangehamishiwa kwenye upakiaji, ambako hakukuwa na nafasi iliyo wazi. Mishahara yao ingeendelea kulipwa, hivyo haiepukiki, hata kama kwenye vitabu ingehama kutoka idara moja kwenda nyingine. Msimamizi naye angepelekwa kwenye matengenezo kwa mshahara uleule. Kilichoepukika ni mishahara ya watu 6 tu, shilingi 480 kwa jerikani badala ya 720. Na hao 6 walistahili notisi: kwa sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006, aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5 hupewa mwezi mmoja, miaka 5 hadi 10 miezi miwili, na zaidi ya miaka 10 miezi mitatu. Fedha hizo hutoka mara moja, lakini hutoka.

Mkataba wa matengenezo na bima vilikuwa gharama zisizobadilika ambazo hata hivyo zinaepukika. Hapa watu wengi huteleza kwa upande wa pili. Wamefundishwa kwamba gharama isiyobadilika haina nafasi kwenye uamuzi, basi wanaifuta yote. Gharama inaweza kuwa ileile ukitengeneza jerikani 5,000 au 10,000, na bado ikatoweka siku unapofunga mlango. Milioni 4 za matengenezo kwa mwezi zilikuwa za mkataba wa mashine hiyo peke yake, na bima vilevile. Zote mbili zikaingia upande wa kuepukika.

Uchakavu hauwezi kuepukika kwa sababu fedha zilishatoka mashine iliponunuliwa. Kinachohesabiwa badala yake ni bei ambayo mashine ingeuzwa leo. Mnunuzi mmoja alikuwa amesema milioni 60. Kodi ya jengo ililipwa kwa jengo zima kwa mkataba mmoja, na mwenye jengo alikataza kupangisha sehemu yake kwa mtu mwingine. Mgao wa ofisi ni mgao tu. Hakuna karani hata mmoja ambaye angeondoka.

Mwisho wa kazi hiyo, gharama zinazoepukika zilikuwa shilingi 6,380 kwa jerikani. Shilingi 2,820 zilizobaki zingeendelea kulipwa hata kama karakana ingekuwa giza.

Upande wa kununua nao haukuwa 7,900. Jerikani zikija kwa lori, mtu anazipokea, anazikagua, nyingine zinarudishwa. Tukaweka shilingi 120. Kununua ni 8,020.

Kwa hiyo kununua kungemgharimu mkurugenzi shilingi 1,640 zaidi kwa kila jerikani, yaani milioni 16.4 kila mwezi. Akiba ya milioni 13 haikuwapo.

Milioni 26 zinaingia wapi

Mkurugenzi alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la haki: "Sawa, lakini bado nina milioni 26 za mtambo wa pili. Ukitoa 16.4 zako, nabaki na karibu milioni 10."

Hoja hiyo ni sahihi kwa umbo lake. Uwezo unaokombolewa ukiwa na matumizi mengine, mchango unaokosekana kwa kuendelea kutengeneza ni gharama ya kutengeneza, ijapokuwa hakuna risiti yake; ndiyo huitwa gharama ya fursa. Kosa lilikuwa kwenye kalenda. Mbegu za ziada hupatikana kama miezi 5 kwa mwaka. Miezi mingine, mtambo wa kwanza peke yake unatosha kwa mbegu zilizomo ghalani. Jerikani, kwa upande wao, zinahitajika miezi yote 12.

Kwa mwaka, basi, mtambo wa pili ungeleta milioni 130, na kununua jerikani kungeongeza gharama kwa milioni 196.8. Hasara ni milioni 66.8 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ya mkataba ni milioni 200.4. Ukiuza mashine kwa milioni 60, bado unabaki na pengo la milioni 140, kabla ya kulipa notisi.

Meneja wa uzalishaji alipendekeza njia ya kati: tununue wakati wa msimu tu, miezi 5, kisha tuwashe mashine tena. Wazo hili ni zuri na lilistahili hesabu yake yenyewe, kwa sababu ukisimamisha karakana kwa muda, orodha ya gharama zinazoepukika inabadilika. Mkataba wa matengenezo hauvunjwi kwa miezi 5. Bima inaendelea. Wafanyakazi hawaachishwi. Hata hivyo watu 6 wangehamia kwenye mtambo wa kukamua na kuziba nafasi za wale 6 wapya. Hapo lazima uwe macho: mishahara ya hao 6 wapya ilishaondolewa ndani ya zile milioni 26. Ama uihesabu kama akiba upande wa jerikani, ama uiongeze kwenye mchango wa mtambo. Ukifanya yote mawili umehesabu fedha moja mara mbili.

Tuliiweka upande wa jerikani. Kinachoepukika kwa kusimama kwa muda ni shilingi 5,920: plastiki, kifuniko, uniti za umeme na mishahara 6. Mgavi alipoulizwa bei ya miezi 5 tu, alipandisha hadi 8,300, na sikumlaumu. Pamoja na upokeaji ni 8,420. Tofauti ya 2,500 kwa jerikani 10,000 ni milioni 25 kwa mwezi, dhidi ya mchango wa milioni 26. Faida ni milioni 1 kwa mwezi, milioni 5 kwa msimu mzima. Mbegu zikipanda kidogo tu, yote inayeyuka.

Tuliangalia pia usiku. Mashine ya jerikani hulala saa 8; je, mtambo wa pili haungeweza kukamua saa hizo? Fundi wa kukamua alitikisa kichwa. Mtambo unahitaji muda mrefu kupata joto, na kabla haujalipata mashudu hutoka yamebeba mafuta mengi. Kuuwasha na kuuzima kila siku ni kutupa mafuta kwenye chakula cha mifugo.

Swali lililobadilisha mambo

Hadi hapo sote tulichukulia kwamba njia pekee ya kupata kVA 100 ni kufunga karakana. Hicho ndicho kiini cha kisa hiki. Thamani ya uwezo unaokombolewa haiwezi kuzidi gharama ya njia rahisi kuliko zote ya kupata uwezo uleule kwingine. Kama unaweza kununua kVA 100 kwa bei ndogo, huna haki ya kuandika milioni 130 kwa mwaka kama zawadi ya kufunga karakana. Karakana inastahili kupewa sifa ya ile bei ndogo tu.

Tukaorodhesha njia. Jenereta ya kukodi ilianguka mara moja: mzigo wa kW 76 kwa saa 600 kwa mwezi hunywa zaidi ya lita 12,000 za dizeli, na hata ukiondoa umeme ambao usingetumika, dizeli pekee ilizidi mchango wa milioni 26 kwa mbali. Transfoma kubwa zaidi ilikadiriwa kuwa milioni 95, pamoja na muda wa maombi na kusubiri. Hiyo tayari ilikuwa bora kuliko kununua jerikani, kwani ingejirudisha kwa msimu mmoja.

Kisha fundi umeme wa kiwanda, kijana ambaye hakuwa ameitwa kwenye kikao bali aliletwa kujibu swali la transfoma, akauliza kama anaweza kusema. Akafungua bili ya umeme. "Mzee, hii transfoma haijajaa kazi. Pawa fakta yetu ni 0.76. Tunavuta kVA 600, lakini kazi tunayofanya ni kW 456 tu."

Kwa msomaji asiye wa umeme: mota za kiwanda huvuta sehemu ya umeme ambayo haifanyi kazi ya kuzungusha chochote bali hujenga usumaku ndani yake na kuurudisha. Sehemu hiyo nayo hupita kwenye transfoma na kuijaza. Pawa fakta ni uwiano wa umeme unaofanya kazi, unaopimwa kwa kW, kwa umeme wote unaopita, unaopimwa kwa kVA; sehemu ya usumaku hupimwa kwa kVAr. Kapasita zikifungwa karibu na mota, sehemu ile ya usumaku hutoka kwenye kapasita badala ya kuvutwa kupitia transfoma.

Hesabu yake ni fupi. kW 456 ukigawa kwa 0.76 unapata kVA 600. Ukipandisha pawa fakta hadi 0.95, mzigo uleule unakuwa kVA 480. Ongeza mtambo wa pili wa kW 76 na jumla ni kW 532, ambazo kwa 0.95 ni kVA 560. Transfoma ya 630 inabeba zote, mashine ya jerikani ikiwamo, na mzigo wa juu unaotozwa kwenye bili unakuwa mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya mtambo wa pili kuwashwa. Kapasita za kVAr 300 pamoja na kabati na kidhibiti chake zilipewa bei ya milioni 24.

Uamuzi

Mkurugenzi aliamua kuendelea kutengeneza jerikani, kufunga kapasita, na kuwasha mtambo wa pili wakati wa msimu. Transfoma mpya iliwekwa kando. Mgavi aliambiwa ukweli kwamba bei yake ni nzuri ila haishuki chini ya gharama zinazoepukika.

Akarudi na 7,400. Tulikuwa tumeshapata bei ambayo kununua na kutengeneza vinalingana: 6,380 toa 120 za upokeaji, yaani 6,260. Alikuwa bado mbali.

Kabla ya kufunga faili tulipima sampuli zake, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Jerikani ya kiwanda ina gramu 920, ya mgavi gramu 820. Zilijazwa 30 na kupangwa tatu kwenda juu kwa siku mbili, na 4 zikavuja kwenye mshono wa chini. Alipoombwa bei ya gramu 920 akasema 8,350. Ile 7,900 ilikuwa bei ya kitu kingine.

Kilichotokea

Kapasita zilichelewa. Kuagiza, kufunga na kukaguliwa kulichukua wiki 7, na mwezi wa kwanza wa msimu ukapita. Mtambo wa pili ulifanya kazi miezi 4. Mchango nao haukuwa milioni 26 bali wastani wa milioni 19 kwa mwezi, kwa sababu bei ya mbegu ilipanda. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na kiwanda chenyewe: ukituma wanunuzi wako Lango wakatafute tani 300 zaidi kila mwezi, wakulima na madalali wanajua.

Miezi 4 kwa milioni 19 ni milioni 76. Ukiondoa kapasita, msimu wa kwanza ulibakiza milioni 52. Hakuna aliyeachishwa kazi. Kundi moja la kapasita liliungua kwa joto ndani ya kabati lililowekwa ukuta mmoja na tanuru, likahamishiwa upande wenye hewa.

Fikiria mchango wa milioni 19 ungeingia kwenye ule mpango wa kununua wakati wa msimu. Kununua kungegharimu milioni 25 za ziada kwa mwezi ili kupata 19. Mpango ulioonekana kuwa na faida ndogo ungekuwa hasara ya milioni 6 kila mwezi.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kuipitia kadi mstari kwa mstari mbele ya watu wanaoijua kazi ndiko kulikozaa matokeo. Mimi nisingejua ahadi ya wale wafanyakazi watatu, wala katazo la kupangisha jengo, kwa kusoma vitabu. Gharama kuepukika au kutoepukika hakuamuliwi na jina lake kwenye daftari la hesabu. Huamuliwa na mikataba, ahadi na nafasi zilizo wazi siku hiyo. Ndiyo maana mshahara mmoja unaepukika ukifunga kabisa, hauepukiki ukimhamishia mtu pasipo na kazi, na unaepukika tena ukimhamishia mahali ambapo ungeajiri mwingine.

Kilichoshindwa ni makadirio ya mchango. Milioni 26 zilitokana na bei ya mbegu ya msimu uliopita, kana kwamba kiwanda kingenunua zaidi bila soko kuhisi. Gharama ya fursa siku zote ni makisio ya jambo ambalo halijafanyika, na ndiyo tarakimu iliyopaswa kuwekwa kwa viwango vitatu tangu mwanzo: mbegu zikibaki bei ileile, zikipanda shilingi 20 kwa kilo, zikipanda 40. Kwa tani 300 kwa mwezi, kila shilingi 10 kwa kilo ni milioni 3. Kupanda kwa shilingi 20 peke yake kungeuua mpango wa kati.

Kikao cha kwanza pia kilikuwa na kasoro ya nani alikaa mezani. Aliyejua kwamba transfoma haijajaa kazi alikuwa nje kwenye ubao wa swichi. Bili yenye pawa fakta ya 0.76 ilikuwa imelipwa mwezi baada ya mwezi, na aliyeilipa alitazama jumla peke yake.

Uamuzi huu una mipaka, na tuliiandika ndani ya faili. Mpaka wa kwanza ni idadi. Gharama zisizobadilika zinazoepukika, yaani mishahara 6, matengenezo na bima, ni milioni 9.4 kwa mwezi. Kila jerikani inayotengenezwa badala ya kununuliwa kwa 8,020 huokoa shilingi 2,580 juu ya plastiki, kifuniko na uniti za umeme. Ukigawa, mahitaji yakishuka chini ya jerikani 3,640 kwa mwezi na kukaa huko, karakana haijilipi tena na kununua kunashinda. Mwezi dhaifu kuliko yote waliokuwa nao ulikuwa wa jerikani 7,000.

Mpaka wa pili ni umri wa mashine. Leo uchakavu hauna nafasi kwenye hesabu kwa sababu fedha zilishatoka. Mashine ikifa, bei ya mpya inakuwa gharama inayoepukika kabisa, kwa kuwa bado haijalipwa. Walipewa bei ya milioni 380. Kwa jerikani 10,000 kwa mwezi, akiba ya milioni 16.4 inairudisha kwa takriban miaka 2. Kwa jerikani 5,000, akiba inashuka hadi milioni 3.5 kwa mwezi na mashine inajirudisha kwa miaka 9, muda ambao hakuna anayeweza kuahidi bei ya HDPE. Kwa hiyo siku fundi atakaposema skrubu ya mashine imekwisha, kadi hii ifunguliwe upya kabla ya mtu yeyote kuagiza mashine nyingine, na mgavi aitwe alete bei ya jerikani ya gramu 920.